Rangi za aproni na sare za saluni, mgahawa na kliniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wenye biashara wanaotaka kushona au kununua sare za wafanyakazi. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi, kisha kila aina ya kazi, na mwishoni ununuzi na hali za pekee. Soma sehemu ya msingi kwanza hata kama una haraka, kwa kuwa majibu mengine yanaitegemea.

## Mambo ya msingi

Ni rangi gani inayoficha madoa kuliko zote?

Hakuna rangi moja ya namna hiyo. Kila rangi huficha doa linalofanana nayo na kulianika lile lililo kinyume chake. Nyeusi humeza kahawa, mchuzi na rangi ya nywele, lakini unga, maziwa, poda na nyuzi za taulo huonekana juu yake tangu mlangoni. Krimu hufanya kinyume: unga haumsumbui mtu, ila tone moja la mchuzi linabaki mbele ya macho ya kila mteja.

Kwa hiyo usianze na rangi. Anza kwa kuorodhesha vitu vitatu au vinne vinavyomwagika kila siku mahali pako pa kazi, halafu andika sabuni na dawa gani hutumika kufulia. Rangi itatoka kwenye orodha hiyo. Mahali ambapo vitu vyeusi na vyeupe humwagika kwa pamoja, rangi iliyokoza bila kuwa nyeusi kabisa, kama kijivu cha mkaa au nevi bluu, hufanya kazi vizuri kuliko nyeusi yenyewe.

Je, ni sawa kutafuta rangi ya kuficha madoa, au ni kuficha uchafu?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na wengi hulipita. Kuna doa jipya, yaani uchafu ulio juu ya nguo sasa hivi. Kuna pia baka, yaani alama inayobaki baada ya nguo kufuliwa vizuri na kuwa safi kabisa. Sare nzuri inatakiwa kuficha mabaka. Doa jipya ni jambo jingine, na jibu lake hutofautiana na kazi.

Kwenye saluni, tone jipya la rangi ya nywele likifichika halimdhuru mteja. Jikoni, na zaidi kliniki, doa jipya lisiloonekana ni hatari: mfanyakazi hajui kwamba anatakiwa kubadilisha nguo, na anapita na uchafu huo kwenye chakula kingine au kwa mgonjwa mwingine. Hapo unataka rangi inayoonyesha kilichomwagika leo, na isiyobaki na aibu baada ya kufuliwa. Rangi za namna hiyo zipo, na zinaelezwa kwenye sehemu za mgahawa na kliniki hapa chini.

Kwa nini mafuta na jasho vinaonekana zaidi kwenye baadhi ya rangi, ilhali havina rangi?

Kitambaa kikavu kina hewa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo hufanya mwanga urudi machoni. Mafuta au maji yakiijaza nafasi hiyo, mwanga mchache hurudi na sehemu hiyo huonekana nyeusi zaidi. Kwenye nyeusi na nevi bluu hakuna tofauti kubwa ya kuonekana. Kwenye nyeupe, maji hufanya nguo ionyeshe ndani badala ya kuacha duara jeusi. Rangi za katikati ndizo zinazoumia: kijivu hafifu, samawati na kaki.

Kijivu hafifu ndicho ningekikataa moja kwa moja kwa shati la mtu anayefanya kazi kwenye joto. Kinapendeza sana kwenye picha ya duka, lakini saa mbili baada ya kazi kuanza, kwapa na mgongo vinasomeka kutoka mbali.

## Saluni

Kwa nini aproni zetu nyeusi zinapata vidoa vya rangi ya chungwa?

Hivyo si vidoa. Ni sehemu ambazo rangi ya kitambaa imekufa. Dawa ya kublichi nywele ni unga unaochanganywa na peroksidi, na kazi yake ni kuvunja rangi. Haichagui kati ya unywele na pamba. Rangi nyeusi ya pamba mara nyingi haifi yote kwa pamoja, kwa hiyo kinachobaki ni wekundu au uchungwa. Ukifua unazidi kuziona, kwa sababu chembe za unga zilizotua zikiwa kavu huanza kufanya kazi zikipata unyevu.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwamba saluni ivae nyeusi ni nusu ya ukweli. Nyeusi ni nzuri dhidi ya rangi ya nywele, lakini nyeusi ya pamba ni dhaifu kuliko zote dhidi ya blichi. Jiki kwenye ndoo ya kufulia hufanya madhara yale yale, na baka la namna hii halitoki kwa sabuni yoyote, kwa kuwa hakuna cha kutoa.

Basi saluni inayofanya rangi na blichi ivae nini?

Hapa aina ya uzi ina nguvu kuliko rangi. Poliesta hupakwa rangi kwa joto kali na rangi huzama ndani ya uzi, kwa hiyo peroksidi na jiki haziifikii kwa urahisi. Pamba hushika rangi kwa namna ambayo dawa hizo huivunja upesi.

Tuchukue saluni ya wahudumu 5. Wawili wanachanganya rangi na blichi siku nzima. Watatu wanasuka, kuosha na kukausha. Mwenye saluni anapata vipande vinne vya kitambaa: pamba tupu nyeusi, nevi bluu yenye poliesta asilimia 65 na pamba 35, poliesta tupu ya kijivu cha mkaa, na pamba ya krimu. Kila kipande anakitonea vitu vinne: rangi nyeusi ya nywele, blichi iliyochanganywa, rilaksa na mafuta ya nywele. Anaviacha nusu saa, anavisuuza, anavifua kama sare hufuliwavyo, anavianika, kisha anavitazama kutoka mita 2 chini ya taa za saluni yenyewe.

Kinachotarajiwa ni hiki. Krimu imebaki na baka la rangi ya nywele ambalo halitatoka tena, kwa hiyo imeshatolewa. Pamba nyeusi imemeza rangi, ila pale penye blichi pana uchungwa. Mchanganyiko wa nevi bluu umepauka kidogo penye blichi, kwa sababu pamba yake imepoteza rangi na poliesta imebaki, hivyo baka ni bluu hafifu na halipigi kelele. Poliesta ya kijivu haijapauka. Rangi ya nywele imetoka karibu yote, lakini duara la mafuta limehitaji sabuni ya vyombo, kwa kuwa poliesta hushikilia mafuta kuliko pamba.

Uamuzi wake basi ni rahisi. Wawili wa rangi na blichi wanapata aproni za poliesta za kijivu cha mkaa, zilizofumwa kwa kubana ili tone liteleze. Watatu wengine wanapata nevi bluu ya mchanganyiko, ambayo haiwapi joto. Wote watano wanavaa chini yake fulana ya rangi moja, na hiyo ndiyo inayowafanya waonekane timu moja. Aproni ya poliesta isipigwe pasi ya moto mkali. Inang'aa vibaya na mng'ao huo hauondoki.

Rilaksa na krimu za usoni zinaharibu sare?

Rilaksa ni nyeupe na nzito, kwa hiyo huonekana kwenye nyeusi mara moja, ila ikifutwa mapema na kusuuzwa haileti shida ya rangi. Cha kuangalia ni krimu za chunusi zenye benzoili peroksidi. Hupausha taulo na kola za sare polepole, na watu hulaumu sabuni. Kwenye kitengo cha uso tumia taulo nyeupe na kola nyeupe au za poliesta.

## Mgahawa

Wapishi na wahudumu wa meza wavae rangi moja?

Si lazima, na mara nyingi si busara. Jikoni kuna mafuta, unga na moto; mezani kuna vinywaji, mchuzi na maziwa. Mhudumu wa meza anaonekana na mteja kwa karibu, na doa lake la leo linaweza kumkuta katikati ya zamu bila nafasi ya kubadilisha. Kwake rangi iliyokoza inafaa: kijivu cha mkaa, nevi bluu, kahawia nzito au damu ya mzee. Damu ya mzee hustahimili divai, nyanya na pilipili kuliko rangi yoyote niijuayo, na haionyeshi vumbi kama nyeusi.

Jikoni, ningeacha aproni ionyeshe uchafu. Kama hutaki nyeupe, chagua aproni yenye mistari myembamba ya nyeupe na bluu, ile iliyozoeleka kwa wauza nyama. Mistari huvunja umbo la baka la zamani, lakini donge la damu au mchuzi mbichi bado linaonekana.

Kwa nini wapishi wengi huvaa nyeupe, rangi inayochafuka upesi hivyo?

Kwa sababu nyeupe ndiyo rangi pekee isiyo na cha kupoteza. Unaweza kuichemsha, kuitia jiki na kuianika juani kila siku bila kuogopa kupauka. Sare yenye rangi haivumilii hayo.

Koti la mpishi lina ujanja mwingine unaostahili kuigwa: kifua chake kina tabaka mbili zinazopishana, na vifungo pande zote. Upande wa juu ukichafuka, mpishi hufunga kinyume na upande safi unatokea mbele. Kama fundi anakushonea, mwombe akate hivyo hata kwa rangi nyingine.

Nyeupe ina sharti moja: lazima kuwe na mtu au mashine ya kuifua kila siku. Sare nyeupe inayofuliwa mara moja kwa wiki inakuwa ya kijivu na manjano, na hiyo inaonekana chafu kuliko nyeusi iliyochakaa.

Baka la manjano (binzari) halitoki. Tubadilishe rangi ya sare?

Kabla ya kubadilisha, jaribu jua. Manjano hushika pamba kama rangi ya nguo, na ukiipaka sabuni kali inageuka nyekundu, jambo linalowatisha watu wakidhani wameharibu nguo. Wekundu huo hupungua ukisuuza. Fua, kisha anika nguo ikiwa bado na unyevu kwenye jua kali. Mwanga huvunja rangi ya manjano, na siku moja au mbili hupunguza baka sana.

Kama jikoni kwako binzari haikosekani kila siku, kahawia, rangi ya haradali au kijani cha jani la mzeituni zitabeba mabaka yanayobaki. Samawati ndiyo mbaya zaidi hapa, kwa kuwa njano juu yake huonekana kama ukijani wa uchafu.

## Kliniki

Kwa nini chumba cha upasuaji hutumia kijani na bluu?

Zamani vyumba hivyo vilikuwa vyeupe. Daktari aliyetazama damu kwa muda mrefu kisha akainua macho kwenye nguo nyeupe aliona vivuli vya kijani vikielea mbele yake, kwa sababu jicho lililochoka na wekundu hutoa kivuli cha rangi iliyo kinyume chake. Mnamo 1914 daktari wa upasuaji wa San Francisco, Harry Sherman, alianza kutumia kijani ili kupumzisha macho. Juu ya kijani au bluu, kivuli hicho hakionekani.

Kuna faida ya pili inayohusu madoa. Damu juu ya kijani au bluu huonekana kama doa jeusi au la kahawia, si jekundu. Mgonjwa hashtuki, lakini mfanyakazi anajua kwamba kuna kitu kimemwagika. Hilo ndilo sharti lililotajwa kwenye swali la kuficha uchafu hapo juu, na kijani na bluu ya wastani hulitimiza vizuri.

Je, kliniki ivae damu ya mzee ili damu isionekane?

Hapana. Kinachofaa kwa mhudumu wa meza hakifai hapa. Damu iliyokauka kwenye damu ya mzee au kwenye nyeusi inaweza kukaa zamu nzima bila mtu kuiona. Chagua bluu ya wastani, kijani cha maji ya bahari, au samawati kama kazi haina joto kali. Kwa mapokezi, ambako hakuna damu wala dawa, nevi bluu inafaa na inamtofautisha mpokezi na mtoa huduma.

Damu yenyewe isuuzwe kwa maji baridi kabla ya kitu kingine chochote. Maji ya moto huipika ndani ya uzi, na baka la kahawia linalobaki ni kosa la maji, wala si la rangi ya sare. Baada ya damu kutoka ndipo nguo iende kwenye maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi kama kitambaa kinaruhusu.

Tunaloweka sare kwenye jiki na zinatoka na madoa ya kahawia. Yanatoka wapi?

Uliza kwanza kama mnatumia klorheksidini kusafishia mikono au ngozi ya wagonjwa. Mabaki yake yakikutana na klorini ya jiki hutengeneza baka la kahawia linaloshika nguo kwa nguvu. Dalili yake ni kwamba nguo iliingia kwenye ndoo ikiwa safi kwa macho, ikatoka na mabaka, hasa kwenye mikono na kifua. Shuka na taulo hupata yale yale.

Kuongeza jiki kunazidisha tatizo. Acha klorini kwa nguo hizo na utumie sabuni yenye ung'arishaji wa oksijeni pamoja na maji ya moto. Ayodini ni jambo tofauti: huacha kahawia mara tu ikimwagika, kabla ya kufua, na kwa kawaida hutoka. Dawa ya zambarau ya vidonda haitoki kirahisi kwenye rangi yoyote hafifu, kwa hiyo anayeitumia avae aproni ya plastiki ya kutupa juu ya sare.

## Kununua na kushona

Nijaribuje kitambaa kabla ya kununua jora zima?

Fanya jaribio la saluni lililoelezwa hapo juu, ukibadilisha vitu vya kumwaga kulingana na kazi yako. Kisha ongeza mambo mawili. Kwanza, lowesha kitambaa cheupe, ukikamue, na usugue nacho sampuli mara kumi. Kikichukua rangi, sare itachuja kwenye fulana ya ndani na kwenye nguo za mteja. Pili, fua sampuli mara tano kwa namna utakayofua sare, halafu uilinganishe na kipande ambacho hakijafuliwa.

Kiwanda kinachopima kwa viwango vya ISO 105 kinaweza kukuambia alama: kufua hupimwa kuanzia 1 hadi 5, na mwanga 1 hadi 8. Kwa sare inayofuliwa kila siku, alama ya kufua chini ya 4 ningeiacha.

Sare za nyongeza hazilingani na za mwanzo. Nifanye nini?

Kila pakiti ya kupaka rangi kiwandani hutoka tofauti kidogo, na sare za zamani zimeshapauka. Nunua kitambaa cha akiba kutoka jora lile lile tangu mwanzo. Kama umechelewa, wape wapya rangi nyingine iliyo wazi kwamba ni tofauti, kwa mfano aproni ya kijivu kwa wanagenzi. Bluu mbili zinazokaribiana huonekana kama kosa. Rangi mbili tofauti huonekana kama mpango.

Kila mfanyakazi awe na sare ngapi?

Tatu kwa kufua kila siku: moja mwilini, moja majini, moja kabatini. Zizungushwe kwa zamu ili zipauke sawasawa. Kliniki iongeze ya nne inayobaki kazini, kwa siku sare inapolowa damu katikati ya zamu.

## Hali za pekee

Jengo moja lina saluni na chumba cha matibabu ya ngozi. Rangi moja inatosha?

Haitoshi, kwa kuwa mahitaji yanapingana: saluni inataka kumeza rangi ya nywele, chumba cha ngozi kinatakiwa kuonyesha damu. Tumia nevi bluu saluni na bluu ya wastani chumba cha ngozi. Zinaonekana ndugu, na mtu akivuka mlango na sare ya upande mwingine anajulikana papo hapo.

Nembo ya biashara yetu ni ya rangi kali. Sare ifuate rangi hiyo?

Mara chache inafaa. Nyekundu na chungwa kali kwenye pamba hupauka upesi kwa kufuliwa na jua, na nguo nzima hudai kubadilishwa mapema. Weka rangi ya nembo kwenye pindo, kamba za aproni au mdomo wa mfuko, na kitambaa kikuu kifuate orodha yako ya vinavyomwagika. Uzi wa kudarizi uwe wa poliesta. Uzi wa kawaida hupauka ukikutana na jiki, na nembo iliyofifia juu ya aproni nzima huifanya ionekane kuukuu kabla ya wakati wake.